Ombi la Solo, Kurasa Mbili

Jumatatu, 3 Juni

Barua imekamilika. Hii ni ya nne. Tatu za kwanza nimezichana vipande vipande. Ile ya kwanza ilikuwa na "samahani" sita, nimezihesabu. Ukiisoma ungedhani nimevunja dirisha la ukumbi.

Kwa nini barua? Kwa sababu mdomo hautaki. Jumamosi baada ya mazoezi nilimfuata Mwalimu wa kwaya hadi mlangoni. Maneno niliyapanga tangu asubuhi. Akageuka, akaniuliza ninataka nini. Nikamwambia mlango unapiga kelele, labda utiwe mafuta. Mafuta! Akasema asante, atamwambia mlinzi. Nikaenda zangu.

Shangazi, ambaye ndiye ninayeishi naye, anasema mimi nikiagiza chai hotelini anayesikia ni meza tu. Kwenye kwaya wananiita Kimya. Miaka mitatu niko sauti ya pili, mstari wa tatu, na kuna watu wawili pale ambao wana hakika mimi ni bubu kidogo. Lakini kule kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, mashine sita zikizunguka pamoja na ile ya kukaushia, naimba kwa sauti ambayo ingepasua glasi. Hakuna anayesikia. Labda shuka.

Barua nimeinakili hapa, nisije nikasahau nilichosema.

*YAH: OMBI LA KUONGOZA SOLO*

*Mwalimu, heshima mbele. Mimi ni yule wa sauti ya pili anayekaa karibu na dirisha. Naomba unisikilize kwa ajili ya solo ya wimbo wetu wa mashindano, ubeti wa tatu peke yake. Beti mbili za kwanza Dada Kengele anaziimba vizuri, sina neno.*

*Ubeti wa tatu ni maneno ya mama anayemngoja mwanawe. Sasa hivi do yetu ni B-flat, na ngoma zinayafunika maneno yake. Ukiishusha do hadi G, ubeti utakaa kifuani, mahali pake. Ngoma zinyamaze. Kinanda kinyamaze. Wengine wote wafumbe midomo, wavumishe tu. Maneno yatafika hadi mlangoni.*

(Geuza ukurasa.)

*Kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni besi. Mwisho wa kibwagizo wanashuka hadi so ya chini, na kwenye G hawataifikia. Waimbe so ya oktava ya juu. La pili ni ile mi ya chini ya ubeti wa tatu. Kwenye G, sauti ya kwanza yoyote ikifika pale itatoa hewa, hata iwe nzuri namna gani. Hapo ndipo sauti yangu inapopata mwili. Ndiyo sababu naomba mimi. Nijaribu mara moja tu. Nikishindwa sitaomba tena.*

Sijaweka samahani hata moja. Nimeifunga bahasha kama mtu aliyesaini kukamatwa kwake.

Jumanne, 4 Juni

Nimempa! Nilimvizia kabla wengine hawajafika. Alikuwa anapanga viti, peke yake, tai imetupwa begani. Nikasema shikamoo, nikanyoosha mkono. Akaiangalia bahasha, akauliza kama ni mwaliko wa harusi. Nikatikisa kichwa. Akaitia mfuko wa shati, akaendelea na viti.

Mazoezi yote macho yangu yalikuwa kwenye ule mfuko. Tulirudia kibwagizo mara tisa kwa sababu sauti ya tatu wanachelewa kuingia. Sikuona hata kiti nilichokalia.

Alhamisi, 6 Juni

Kimya. Sasa yeye ndiye Kimya.

Hakuniangalia. Si kwa wema, si kwa ubaya. Alipita mbele yangu akigawa karatasi za noti, akanipa mbili zilizogandana. Nikamrudishia moja. Ndiyo mazungumzo yetu ya leo.

Shangazi ameuliza amejibu nini. Nikasema bado anasoma. Akauliza ni barua au ni katiba.

Sitaki kuwa na hasira. Siku mbili si nyingi. Lakini "nimeiona, nitakuambia" ni maneno mangapi? Mawili.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika nimekaa sakafuni kwa sababu kitandani naona nitalitoboa godoro.

Mwalimu leo kaingia anang'aa. Akasema tukae, ana jambo. Akasema wiki hii amekuwa akiutafakari wimbo, na alfajiri moja likamjia wazo, likamjia tu, kama mtu amemnong'oneza. Tutaishusha do kutoka B-flat hadi G! Ubeti wa tatu ngoma zinyamaze, kinanda kinyamaze, tufumbe midomo na kuvumisha! Akasema — nayaweka hapa neno kwa neno — "maneno ya yule mama yafike hadi mlangoni."

Hadi mlangoni!

Watu walipiga makofi. Nami nilipiga makofi. Mikono yangu hii hii. Nilipoishtukia ilikuwa inapiga, nikaiweka chini ya mapaja na kuikalia.

Fundi Saa, anayetupigia kinanda — mchana anatengeneza saa kwenye kibanda chake karibu na posta, na hasemi maneno kumi kwa wiki — alibonyeza kitufe cha kubadili ufunguo mara tatu kwenda chini, akapiga utangulizi wa wimbo. Tukaimba, solo akiishika Mwalimu mwenyewe kwa leo tu. Ulikuwa mzuri. Hilo ndilo linaloniua. Tulipofumba midomo kwenye ubeti wa tatu chumba kizima kilibadilika. Mwanamke mmoja wa sauti ya kwanza alifuta macho.

Na solo ya mashindano? Amempa Dada Kengele, kiongozi wetu wa sauti ya kwanza. Beti zote tatu. Bila hata kuuliza mtu mwingine. Mimi nilikuwa wapi kwenye lile wazo la alfajiri? Sikuwepo. Nilikuwa karibu na dirisha nikivumisha.

Halafu, mwisho wa kibwagizo, besi wakashuka kuitafuta so na hawakuikuta. Wakatoa mlio kama gari linalokataa kuwaka. Mwalimu akasema wafanye mazoezi ya pumzi. Ndipo nikaelewa. Kwanza sikuamini, nikasubiri labda atasema kitu juu ya oktava. Hakusema. Hakugeuza ukurasa! Ameiba ukurasa wa kwanza, wa pili hajausoma hata!

Kama unaiba, iba vizuri.

Jumapili, 9 Juni

Sikwenda ibada ya kwanza. Nimekwenda ya pili ili nisimwone. Nimemwona. Alikuwa anapongezwa kwa ubunifu.

Jumatatu, 10 Juni

Shuka mia mbili na kumi kutoka wodi za juu, na mashine ya tatu inavuja tena. Nimezikunja kwa nguvu hadi mama anayesimamia pasi kubwa ya rola akaniuliza hao wagonjwa wamenikosea nini.

Nikamsimulia. Nilisimulia yote, bila kusita, kwa sababu kule ndani lazima upige kelele, na nikipiga kelele mimi si yule Kimya. Akazima pasi ili asikie vizuri. Hilo halijawahi kutokea, pasi ile huzimwa umeme ukikatika tu. Akaniuliza kama nina nakala. Nikasema nimeinakili kwenye daftari. Akaniuliza kama nina mdomo. Nikavuta shuka nyingine. Akaiwasha pasi.

Nimeimba ubeti wa tatu mara nne mfululizo nikiwa naingiza gauni za wagonjwa kwenye mashine ya kukaushia. Kwenye G. Nimepima kwa kinanda cha kwenye simu kabla sijaanza. Ile mi ya chini inatoka kama mtu anaburuta kabati. Nzito, imetulia. Yangu.

Jumanne, 11 Juni

Nimewakasirikia watu wawili leo, na mmoja ni mimi.

Ilikuwa hivi. Dada Kengele alisimama mbele kwenye kipaza sauti. Beti mbili za kwanza safi, ingawa kule juu hakung'ara kama kawaida, maana fa ya juu sasa imekuwa ya kawaida tu. Ubeti wa tatu, tukafumba midomo. Akaanza kushuka. So, fa... Mi haikuwepo. Mdomo ulifunguka, ikatoka pumzi. Akarudia. Pumzi. Mara ya tatu akaisukuma kwa koo, ikakwaruza.

Sikufurahi. Nilidhani nitafurahi. Huyu mtu ana sauti ambayo wageni huuliza ni nani. Miaka kumi na moja anaongoza. Kumwona pale amesimama na mkono kifuani, akijitafuta — sikufurahi.

Mwalimu akasema kipaza sauti ni kibovu. Kikabadilishwa. Akasema kinanda kimeshuka zaidi ya inavyotakiwa. Fundi Saa akasema, bila kuinua kichwa, "Kinanda kiko G. Dada huyu si wa G." Ni maneno manane, karibu amalize ya wiki nzima.

Mtu akapendekeza turudi B-flat. Wengi wakakataa, wamekwisha kuupenda wimbo hivi. Mwalimu akasema tupumzike dakika kumi.

Na akaniita mimi.

Pembeni, nyuma ya rafu ya vitabu vya nyimbo. Akaongea chini chini, kwa upole, kama daktari. Kwamba barua yangu aliipata. Kwamba anashukuru kwa "maoni." Kwamba sauti ninayo, hilo hakatai, lakini sina uso wa mbele, majaji wanaangalia uso, nikisimama pale nitaanguka. Hivyo ana mpango. Nikae pale pale kwenye mstari wa tatu. Nitapewa kipaza sauti cha pili, kidogo, nikishike chini ya kidevu. Dada Kengele akifika mistari mitatu ya chini, mimi niiimbe. Yeye atafungua mdomo tu. Hakuna atakayejua.

Akauliza, "Tumeelewana, binti yangu?"

Nikasema sawa.

Sawa! Nimesema sawa! Shetani gani alikikamata kichwa changu akakitikisa juu na chini? Nilikuwa na majibu mia. Yote nimeyapata njiani, kati ya duka la dawa na kona ya kwetu. Nimeyasema yote kwa ukuta wa jirani.

Jumatano, 12 Juni

Sauti kwenye mstari wa tatu. Uso kwenye mstari wa kwanza. Yaani ananikata kiuno, achukue nusu anayoitaka.

Sijamwambia Shangazi. Atakwenda mwenyewe. Ana miguu mibovu lakini kwa jambo hili ingepona.

Alhamisi, 13 Juni

Tumefanya. Nimeshika kile kipaza sauti chini ya kidevu, nimejificha nyuma ya bega la dada mmoja mrefu. Ubeti wa tatu ukaja. Nikaimba mistari mitatu.

Sikuwahi kuisikia sauti yangu ikitoka kwenye spika. Ilitoka kule mbele, pande zote mbili za chumba, mbali nami, kama ya mtu mwingine aliye jasiri. Mbele yangu watu waligeuka kumtazama Dada Kengele. Mmoja alimwonyesha dole gumba. Yeye alibaki amefungua mdomo baada ya noti kuisha, muda mrefu kidogo kuliko ilivyotakiwa.

Halafu akageuka. Hakumtazama Mwalimu. Alipitisha macho mstari hadi mstari, polepole, hadi akanifikia. Nikakishusha kipaza sauti.

Alikuwa hajaambiwa ni nani! Aliambiwa "kutakuwa na msaada kidogo." Nimelisikia hilo alipokuwa anagombana na Mwalimu nje, lile dirisha ninalokaa karibu nalo lilikuwa wazi juu yao. Yeye alisema hajawahi kuazima sauti. Mwalimu alisema ni kwa ajili ya kwaya. Kila kitu ni kwa ajili ya kwaya. Kombe litakaa kwenye kabati la nani, lakini?

Ijumaa, 14 Juni

Dada Kengele amekuja kazini kwangu.

Nilikuwa nimebeba kapu la taulo, nikamwona amesimama mlangoni na gauni lake la ofisini — ni karani wa masjala — akiziba pua kidogo kwa sababu ya dawa ya kutakatishia. Nikadhani amekuja kunipiga. Kwa kweli nililiinua kapu.

Akauliza kama ni mimi niliyeimba. Nikasema ndiyo. Akauliza ni nani aliyepanga. Nikashindwa kusema, mashine mbili zilikuwa zimesimama na chumba kilikuwa kimya mno. Mama wa pasi kubwa akapita nyuma yangu, akaziwasha zote mbili, tupu, bila nguo hata moja. Akaondoka.

Basi nikasema. Nilimpigia kelele Dada Kengele kila kitu, na daftari hili nikalitoa kwenye mfuko wa aproni nikamfungulia ile nakala. Aliisoma amesimama. Pale niliposema sina neno na beti zake mbili, akapiga mguno. Pale pa hewa, akaacha kusoma kidogo, akaangalia juu. Kisha akamaliza. Yeye aligeuza ukurasa.

Hakunishukuru wala hakunikumbatia. Alinikasirikia! Mimi! Akasema, "Mdogo wangu, miaka mitatu tunaimba chumba kimoja. Solo ni yangu. Kwa nini hukuja kwangu?"

Nikasema angenikatalia.

"Ningekukatalia," akasema. "Lakini ningekukatalia usoni. Na hii mi tungejua wote wawili ni ya nani, mimi nisingesimama mbele ya watu nafungua mdomo kama samaki."

Ana haki. Inaniuma kwamba ana haki, maana nilitaka leo nikasirikie mtu mmoja tu.

Akaniomba niiimbe. Pale pale. Nikaiimba, kapu mkononi. Alisikiliza macho yamefumbwa, anahesabu kwa kidole kwenye paja. Akasema navuta pumzi mahali pabaya, kabla ya "mwanangu", naikata sentensi katikati. Nivute mapema, kwenye koma, pumzi ndogo ya puani. Nikajaribu. Alikuwa sahihi. Akasema pia nisiitazame sakafu, sakafu haitoi alama.

Akaondoka bila kuaga. Sijui tumekuwa marafiki au maadui. Nadhani hata yeye hajui.

Jumamosi, 15 Juni

Mazoezi ya mwisho. Mashindano ni kesho. Nitajaribu kuandika kwa mpangilio ingawa kalamu inapasua karatasi.

Tulipofika ubeti wa tatu Dada Kengele alisogea, akakiacha kipaza sauti peke yake. Mwalimu akasimamisha wimbo. Akauliza kulikoni. Dada Kengele akasema beti mbili ni zake, ataziimba. Wa tatu una mwenyewe, na mwenyewe yuko mstari wa tatu, na yeye hafungui mdomo kwa sauti ya mtu mwingine mbele ya majaji wala mbele ya mama yake mzazi ambaye atakuja.

Watu arobaini wakageuka kunitazama. Arobaini na moja na Fundi Saa.

Mwalimu akacheka kidogo. Akasema hapa hakuna ubeti wenye mwenyewe, wimbo ameutunga yeye. Na kweli ameutunga, hilo simnyang'anyi. Akasema alinionea huruma tu, kwa sababu mimi ni mwenye haya.

Nikasimama. Nilihisi miguu inasimama yenyewe. Nikasema, "Mwalimu, barua."

Ilitoka ndogo. Lakini ilitoka.

Akasema, "Barua gani?"

Barua gani!

Alinitazama machoni akiuliza. Hakupepesa. Mtu aliyeniambia Jumanne, nyuma ya rafu ya vitabu, kwamba ameipata na anashukuru kwa maoni. Nimeona watu wakidanganya, nami nimedanganya, lakini sijawahi kuona mtu akilifuta jambo jepesi hivyo, kama anafuta ubao.

Nilitaka kusema kurasa mbili, bahasha nyeupe, ulidhani ni mwaliko wa harusi. Yote yakafika kooni yakagombania mlango. Lililofanikiwa kupita ni moja. Nikasema, "Sitashika kipaza sauti cha nyuma."

Sentensi nzima! Nimekiweka kwenye kiti changu. Kilikuwa hakijazimwa, kikapiga mluzi ule wa kuumiza masikio, na kila mtu akakunja uso. Ilikuwa nzuri sana.

Mwalimu akasema asiyetaka kufuata utaratibu mlango uko wazi. Sikutoka. Dada Kengele hakutoka. Mzee mmoja wa besi, mwenye kitambi, akatumia nafasi hiyo kusema na wao wamechoka kutafuta ile so, wiki nzima wanafungua midomo tu, kama ni kusema ukweli basi wote tuseme. Mwalimu akamwambia akae. Akapiga meza. Akasema kesho ataamua yeye ufunguo upi na nani anaimba nini, na tutaimba atakavyoamua. Akachukua mkoba wake, akaondoka kabla yetu. Hatukufunga hata kwa sala.

Shangazi nimemwambia. Amesikiliza yote. Halafu ameingia chumbani, ametoka na viatu vyake vya safari, anavipiga rangi. Nimemwuliza anakwenda wapi. Amesema kwenye mashindano, anaenda kusikiliza muziki, kuna ubaya?

Jumapili, 16 Juni

Naandika nyuma ya karatasi ya ratiba, nitaibandika humu baadaye. Penseli nimeiazima kwa mtu wa kwaya namba tano.

Tuko kwenye darasa la shule iliyo kando ya ukumbi, tunasubiri. Ubaoni kuna hesabu za kugawanya. Viti ni vya watoto, besi wamekaa magoti yakifika masikioni. Sisi ni namba tisa. Namba saba wako jukwaani sasa hivi, tunawasikia kupitia ukuta. Wana sauti ya tatu nzuri sana, nawachukia.

Saa nane na robo. Mwalimu bado hajasema ni ufunguo gani. Fundi Saa amemwuliza mara mbili. Mara ya kwanza ameambiwa "tutaona." Mara ya pili ameambiwa asimchanganye. Fundi Saa amekaa na kinanda mapajani, kidole kiko juu ya kitufe. Hakibonyezi.

Dada Kengele yuko mbele, amenigeuzia mgongo tangu asubuhi. Hajanisalimu. Lakini tulipokuwa tunapasha sauti moto nimeona hakuimba kule juu anakoimba siku zote, alikuwa anaishia katikati na kusikiliza nyuma.

Mwalimu anazunguka. Amevaa ile suti ya kijivu. Ana jasho juu ya mdomo. Kwa mara ya kwanza nimemwona kama mtu mwenye hofu, na karibu nimhurumie. Kisha nikakumbuka "barua gani." Nimeacha kumhurumia.

Namba saba wamemaliza. Makofi mengi. Namba nane wanaingia. Tumeambiwa tupange mistari.

Ametupanga mwenyewe. Mimi ameniweka nyuma ya yule dada mrefu. Nimekaa sekunde moja, nikasogea hatua moja kulia, nikamwona Mwalimu. Amenirudisha kwa mkono. Nimesogea tena. Hakunirudisha.

Besi wanagombana kwa kunong'ona. Mzee wa kitambi anamwambia mwenzake wakiingia kwenye G yeye haimbi ile so, atakohoa. Mwalimu amewasikia. Amesimama. Ameweka mkono ndani ya koti, nikadhani anatafuta leso.

Ametoa barua yangu.

Ni yenyewe! Imekunjwa mara nne, pembe zimechakaa. Amegeuka ukutani anaisoma. Ameigeuza. Anasoma ukurasa wa pili, namwona mabega. Amesoma mpaka mwisho, amerudia, hajatikisika.

Sasa anakuja huku. Anapita kati ya sauti ya kwanza. Penseli nimeificha ndani ya kiganja, naandika kwenye paja bila kuangalia.

Amefika. Ameinama karibu na sikio langu, na kwa sauti ndogo, ndogo kuliko yangu siku zote, ameuliza: wale besi, ile so, waipeleke oktava ya juu? Na huo ubeti, nitaweza?

Upande wa pili wa ukuta namba nane wameanza ubeti wao wa mwisho. Dada Kengele amegeuka. Fundi Saa ameinua kichwa.

Nimemwambia, "Sijakusikia, Mwalimu. Sema wote wasikie."

Amenyooka. Karatasi iko mkononi mwake, imefunguka, kila mtu anaiona. Bado hajasema. Nami simwangalii viatu, namwangalia usoni, na sasa amefungua mdomo, anausoma ukurasa wa pili kwa sauti.